Umeme ukirudi, kompyuta ya mbali irudi bila kungoja mkono wa mtu

*Swali: Nina kompyuta ndogo ya Ubuntu ambayo sikai nayo, naisimamia kwa SSH. Ina UPS iliyounganishwa kwa USB, na NUT, programu inayoisimamia UPS hiyo, inafanya kazi, na kwenye BIOS nimeweka Last State. Umeme ukikatika na kurudi, mara nyingine inawaka yenyewe, mara nyingine inabaki imezima hadi mtu aende kubonyeza kitufe. Mara ya mwisho taa ilikuwa inawaka lakini SSH haikujibu; aliyeenda alikuta skrini imeandika "You are in emergency mode", na diski ya nje ya nakala rudufu haijawaka. Aliibonyeza, akawasha upya, ikarudi. Nifanye nini iwe inarudi yenyewe kila mara?*

Ndugu yangu, hizo ni hitilafu mbili, na zinafanana kwa sababu tu uko mbali. Katika ya kwanza kompyuta imezima na haikuamriwa kuwaka. Katika ya pili imewaka vizuri, ila imekwama njiani ikingoja mtu. Wewe unaona kitu kimoja, SSH haijibu, kumbe dawa ya moja haigusi nyingine kabisa. Kwa hiyo kila itakaporudi, kabla ya kubadilisha chochote, soma kwanza mwisho wa kumbukumbu za uwakaji uliotangulia:

```
journalctl --list-boots
journalctl -b -1 -n 20
```

Mistari ya mwisho ikionyesha huduma zinafungwa moja baada ya nyingine, kisha `Journal stopped`, basi kompyuta ilizimwa kwa utaratibu. Kumbukumbu zikikatika ghafla katikati ya shughuli za kawaida, ujue umeme uliondoka bila taarifa. Tofauti hiyo ndiyo inayofumbua kitendawili chako cha "mara nyingine inawaka, mara nyingine haiwaki".

Last State maana yake ni kwamba umeme ukirudi, ubao mama unarudisha hali iliyokuwepo umeme ulipoondoka. Kama kompyuta ilikuwa inafanya kazi, itawaka. Kama ilikuwa imezimwa, itabaki imezimwa. Sasa fuatilia kinachotokea ukiwa na UPS. Umeme unakatika, UPS inabeba mzigo, betri inapungua, NUT inaamuru kompyuta izime kwa utaratibu, nayo inazima. Baada ya hapo UPS inakata umeme, au betri inaisha. Umeme ukirudi, ubao mama unajiuliza nilikuwa katika hali gani, unapata jibu kwamba ulikuwa umezimwa, unabaki hivyo hivyo. Haujakosea, umetii ulichouambia. Ndiyo maana mfumo wako unafanya vizuri zaidi siku ambazo UPS inashindwa kazi na umeme unaondoka ghafla, kuliko siku ambazo kila kitu kimekwenda sawasawa. Watu wengi hununua UPS, wakaona kompyuta imeanza kutorudi, wakailaumu UPS. Mpangilio ndio uliokuwa mbaya tangu mwanzo, UPS imeufichua tu.

Badala ya Last State weka Power On. Mpangilio wenyewe kila kampuni imeupa jina lake: kwenye Dell utaliona kama `AC Recovery`, kwenye Lenovo na HP nyingi `After Power Loss`, kwenye ASUS `Restore AC Power Loss`, kwenye Gigabyte `AC BACK`, ambako thamani unayoitaka inaitwa `Always On`. Kwa kawaida utalikuta kwenye ukurasa wa mambo ya umeme. Ukiwa hapo hapo tafuta pia `ErP` au `Deep Sleep` na uizime. Mipangilio hiyo hukata hata ule umeme mdogo unaobaki kwenye ubao mama kompyuta ikiwa imezima, na kwenye baadhi ya bodi ikiwashwa, mpangilio wa kuwaka wenyewe haufanyi kazi tena.

Kwa kawaida BIOS haifikiki kwa SSH, ila usikate tamaa kabla ya kuangalia. Kompyuta nyingi za kiofisi za Dell, Lenovo na HP huruhusu kiini cha Linux kisome na kubadilisha mipangilio hiyo, mradi toleo la kiini si la zamani sana:

```
ls /sys/class/firmware-attributes/*/attributes
```

Ikitokea orodha ndefu ya majina, una bahati. Kwenye Dell, kwa mfano, unachotafuta kinaitwa `AcPwrRcvry`, na ndani yake faili `current_value` inakuonyesha kilichopo sasa. Orodha isipotokea, andaa safari moja, na ifanye safari hiyo ibebe mambo yote nitakayoyaeleza hapa chini.

Ukishaweka Power On bado limebaki tundu moja, nalo ndilo linalowasumbua hata mafundi wazoefu. Power On hufanya kazi pale tu ubao mama unapoona umeme umeondoka kisha umerudi. Chukulia betri ya UPS imepungua, NUT imeamuru kuzima, kompyuta imezima, na sekunde thelathini baadaye umeme wa ukutani unarudi kabla UPS haijakata umeme wake. Kwa upande wa ubao mama hakuna kilichotokea, kwa sababu waya wake haukukosa umeme hata mara moja. Basi hakuna cha kuurudisha, na kompyuta inalala hapo ikiwa na umeme kamili mpaka mtu aende. Tukio hili ni adimu kuliko lile la kwanza, na kwa sababu hiyo hutaligundua kwa kubahatisha. Litakupata siku usiyoitegemea.

Dawa yake ni kuifanya UPS ikate umeme kisha iurudishe, hata kama umeme wa ukutani umeshafika. Kwenye NUT hilo linakaa sehemu mbili. Ndani ya `/etc/nut/upsmon.conf` hakikisha mstari wa `POWERDOWNFLAG` upo na haujazibwa kwa alama ya `#`. Huo ndio unaoacha alama kwamba uzimaji huu unatokana na UPS, ili mwishoni kabisa UPS iamriwe kukata. Kisha ndani ya `/etc/nut/ups.conf` weka muda:

```
[ups]
  driver = usbhid-ups
  port = auto
  offdelay = 60
  ondelay = 120
```

Namba zote ni sekunde. `offdelay` ni muda ambao UPS inangoja tangu ipewe amri hadi ikate, na usipoandika chochote kiendeshaji hiki hutumia 20. Hiyo ishirini ni finyu kwa kompyuta inayochukua muda kufunga diski zake. 60 ni salama zaidi. `ondelay` lazima iwe kubwa kuliko `offdelay`, la sivyo UPS inaambiwa iwashe kabla haijazima. Zipo UPS zinazohesabu kwa dakika nzima tu, ndiyo maana nimeandika 60 na 120 na si namba za katikati.

Jaribio lake ni hili, nalo lifanye ukiwa umesimama karibu na kompyuta, si kwa mbali mara ya kwanza:

```
sudo upsmon -c fsd
```

Amri hii inajifanya betri imekwisha ilhali umeme wa ukutani upo, yaani inaigiza lile tundu nililolieleza. Utaona kompyuta inazima, kimya kinapita, kisha UPS inalia "tak", taa za kila kilichochomekwa zinazimika, baada ya muda "tak" nyingine, na kompyuta inawaka bila kuguswa. Usiposikia ule mlio wa kwanza, UPS haikupokea amri, au modeli yako haikubali kukata umeme wakati umeme wa ukutani upo. Kwa UPS ya namna hiyo hutakuwa na uhakika kamili, na ningeibadilisha kabla ya kubadilisha kompyuta.

Kabla sijaondoka kwenye ubao mama, kuna betri ya duara inayoitwa CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kutunza saa, na kwenye bodi nyingi mipangilio ya BIOS pia, umeme unapokosekana. Ubaya wake ni kwamba ikifa hutajua. Kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani, hata ikiwa imezimwa, umeme mdogo wa kusubiri ndio unaotunza hivyo vyote. Betri inahitajika siku moja tu, siku umeme unapokatika kabisa. Siku hiyo ikiwa imekufa, mipangilio inarudi ya kiwandani, ambayo kwa kawaida ni kubaki imezimwa. Nimewahi kusafiri kutwa nzima kufuata kompyuta niliyokuwa nimeiweka Power On kwa mkono wangu na kuijaribu mara tatu. Nilipofungua BIOS nikakuta `Power Off` na saa imerudi nyuma miaka kadhaa. Nikachomoa betri nikaipima, ikasoma chini ya volti 2. Tangu siku hiyo kompyuta yoyote ya mbali yenye umri wa zaidi ya miaka minne naibadilishia betri kwanza, na nikiipima ikawa chini ya 2.8 siirudishi hata kama bado inafanya kazi.

Kwa mbali unaweza kuishtukia mapema. Baada ya kila kukatika kwa umeme endesha `journalctl -b -k | grep -i rtc` na utafute mstari unaosema `setting system clock to`. Huo ni wakati ambao kompyuta iliusoma kwenye saa yake yenyewe kabla haijaurekebisha kwa mtandao. Ukikuta mwaka wa zamani, betri imekwisha, na umebahatika kwamba kompyuta imerudi safari hii.

Betri hiyo ikifa huleta pia ujumbe wa aina ya "Press F1" mwanzoni kabisa, kompyuta ikikutaka uthibitishe kwamba umeona hitilafu. Feni isiyozunguka au kibodi isiyokuwepo huleta ujumbe wa namna hiyo hiyo. Kwenye ASUS kuna `Wait For 'F1' If Error`, izime. Kwenye Dell nyingi kuna `Warnings and Errors`, chagua `Continue on Warnings and Errors`. Halafu chomoa kibodi kabisa. Wapo wanaoiacha ili ile hitilafu ya kibodi isitokee, lakini kibodi iliyosahaulika hufunikwa na makaratasi, na kitufe kimoja kikibonyea wakati menyu ya GRUB iko kwenye skrini, hesabu ya kurudi nyuma inasimama na kompyuta inangoja bila kikomo.

GRUB yenyewe nitaipitia haraka. Kwenye Ubuntu, uwakaji usipofika mwisho wake GRUB huweka alama inayoitwa `recordfail`, na safari inayofuata menyu hukaa sekunde 30 badala ya kupita moja kwa moja. Si mwisho wa dunia, ila matoleo ya zamani yalingoja bila kikomo, na pia mtu aliye mbali akihesabu dakika asije akadhani imekwama. Ndani ya `/etc/default/grub`:

```
GRUB_TIMEOUT=3
GRUB_RECORDFAIL_TIMEOUT=3
GRUB_CMDLINE_LINUX="fsck.repair=yes"
```

Kisha `sudo update-grub`. Kama mstari wa tatu tayari una maneno ndani, ongeza hilo neno, usiyafute mengine. Kazi yake ni hii: umeme ukikatika ghafla, diski ya mfumo hukaguliwa, na kwa kawaida mkaguzi hurekebisha yale tu ambayo hayana hatari. Akikuta makubwa zaidi husimama na kuomba mtu, na skrini huandika `RUN fsck MANUALLY`. Neno hili humruhusu ajibu ndiyo kwa kila swali. Hasara ni kwamba faili iliyoharibika inaweza kuishia vipande vipande kwenye `lost+found` bila wewe kuulizwa. Kwa kompyuta iliyo mezani kwangu nisingeliweka. Kwa kompyuta ya mbali, ambayo data zake zina nakala mahali pengine, naliweka bila kusita, kwa sababu mtu atakayetumwa kwenda kujibu maswali hayo naye atajibu ndiyo kwa kila kitu.

Sasa tuje kwenye lile la mara ya mwisho, na hapa maelezo ya aliyeenda yametusaidia sana. Diski ya nje ilikuwa haijawaka. Sanduku lake lina kitufe cha kubonyeza, siyo swichi ya kukaa upande mmoja, kwa hiyo umeme ukiondoka na kurudi hubaki limezima. Ni tatizo lile lile la kompyuta, limejificha kwenye sanduku dogo lisilokuwa na BIOS ya kurekebisha. Kompyuta ikawaka, ikasoma `/etc/fstab`, ikakuta imeandikiwa kwamba diski ile ni sehemu yake, ikaingoja sekunde 90, haikuiona. Kwa kuwa hukuiambia kwamba inaweza kuendelea bila hiyo diski, ikachukulia kwamba mfumo wake haujakamilika, ikaacha kila kitu na kuingia kwenye hali ya dharura. Katika hali hiyo SSH haiwashwi. Inangoja mtu mwenye kibodi. Diski ya mfumo ilikuwa nzima, mtandao ulikuwa mzima, na kompyuta yote imelala kwa sababu ya diski ambayo haihitajiki hata kidogo ili iwake.

Mara nyingi ushahidi unabaki. Ukisoma `journalctl` ya uwakaji ule utakuta `Timed out waiting for device`, ikifuatwa na `Dependency failed for` pamoja na jina la mahali ulipoipachika diski. Mstari wako wa fstab ufanye hivi, ukiacha UUID yako kama ilivyo:

```
UUID=xxxx /nakala ext4 defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=10s 0 2
```

`nofail` inasema diski isipopatikana, endelea. Ile ya pili inapunguza kungoja kutoka sekunde 90 hadi 10. Ukimaliza endesha `sudo systemctl daemon-reload`, kisha `sudo findmnt --verify`, kwa sababu kosa la herufi moja kwenye fstab linaweza kukurudisha kwenye hali ya dharura uliyokuwa unaikimbia.

Ila usiishie hapo. `nofail` ina mtego ambao nimeona ukiwaumiza watu walioiweka kwa nia njema. Diski isipopachikwa, folda `/nakala` bado ipo, ni folda tupu tu ndani ya diski ya mfumo. Usiku programu ya nakala rudufu inaamka, inaona folda, inaandika humo nakala nzima. Siku ya pili au ya tatu diski ya mfumo imejaa hadi mwisho, huduma zinaanza kuanguka, na sasa una tatizo baya kuliko lile la mwanzo. Weka mstari huu juu kabisa ya skripti yako ya nakala:

```
mountpoint -q /nakala || exit 1
```

Kama diski haijapachikwa kweli, skripti inakoma hapo hapo. Iunganishe na barua pepe au ujumbe wowote wa kukujulisha, maana `nofail` inaifanya diski iliyopotea iwe kimya, na nakala zisizochukuliwa kwa miezi miwili hugundulika siku zinapohitajika. Kuhusu sanduku lenyewe, tafuta lenye swichi ya kukaa upande mmoja, au diski inayokula umeme wake kupitia waya wa USB. Kama utabaki na hili ulilonalo, angalau lichomeke kwenye tundu la UPS linalolindwa na betri. UPS nyingi zina matundu mengine yanayozuia tu umeme wa ghafla, na kwa macho yanafanana.

Kama diski ya mfumo imefichwa kwa nenosiri la LUKS linaloandikwa wakati wa kuwaka, hayo yote niliyoyasema yatakufikisha kwenye ombi la nenosiri na kuishia hapo. Utahitaji kifurushi cha `dropbear-initramfs`, ambacho hukuruhusu kuingia kwa SSH kabla ya diski kufunguliwa, au kuifungua kwa chipu ya TPM. Hujalitaja, kwa hiyo nalipita.

Kinachobaki ni mtandao. Kompyuta yako ikiwa na diski ya kisasa huwaka kwa nusu dakika, na rauta inaweza kuchukua dakika mbili tatu. Hivyo kompyuta inafika kwenye mtandao ambao haupo. SSH ya kawaida haina shida na hilo, mradi hukuweka `ListenAddress` yenye anwani maalumu kwenye `sshd_config`. Ukiwa umeiweka, huenda SSH ikashindwa kuanza kwa sababu anwani hiyo bado haijapatikana. Iondoe, na kazi ya kuchuja wanaoingia iachie ngome ya mtandao.

Shida kubwa iko kwa wanaofikia kompyuta yao kupitia njia inayoanzishwa na kompyuta yenyewe, kama VPN au SSH ya kurudi nyuma. Watu huandika `Restart=always` kwenye huduma hiyo wakadhani imeisha. Kwa kawaida systemd hujaribu tena baada ya sehemu ya kumi ya sekunde, na ikishindwa mara tano ndani ya sekunde kumi huacha kabisa. Majaribio yote matano yanaweza kuisha ndani ya sekunde moja, rauta ikiwa haijawasha hata taa yake ya pili. Rauta inakuja kuwaka, mtandao unafika, na huduma imeshakata tamaa. Ukiwahi kukuta `start request repeated too quickly` kwenye kumbukumbu, ndicho kilichotokea. Endesha `sudo systemctl edit` ukifuatisha jina la huduma yako, uandike:

```
[Unit]
StartLimitIntervalSec=0

[Service]
Restart=always
RestartSec=30
```

Sasa itajaribu kila nusu dakika bila kuchoka. Na rauta yenyewe ichomeke kwenye UPS hiyo hiyo. Inakula umeme kidogo sana, na bila hiyo hutaweza hata kuona kwamba umeme umekatika.

Najua utaniuliza kuhusu kuiamsha kwa Wake-on-LAN. Usiitegemee kwa hili. Inahitaji kifaa kingine kilicho hai ndani ya mtandao ule ule kitakachotuma ule ujumbe, na kadi nyingi za mtandao zikishakosa umeme kabisa hazisikilizi tena hadi mfumo uwake na uzime kwa utaratibu. Wavu wa pili ulio bora zaidi ni saa ya BIOS: mpangilio wa kuwasha kompyuta kila siku kwa saa fulani, ambao hujulikana kama `Auto On` au `RTC Wake`. Ikiwa tayari inafanya kazi hakuna kinachobadilika. Ikiwa imezima kwa sababu yoyote, hutapoteza zaidi ya siku moja. Kumbuka tu kwamba Linux kwa kawaida huiweka saa hiyo kwenye UTC, kwa hiyo saa utakayoiandika siyo saa ya ukutani kwako.

Siku ukienda, jaribu mambo manne, kibodi na monita vikiwa vimechomolewa. Kwanza, kompyuta ikiwa inafanya kazi, chomoa waya wake wa umeme kabisa, hesabu hadi thelathini, chomeka. Usirudishe haraka: pawa saplai hubaki na umeme kidogo ndani yake, na ukichomeka baada ya sekunde mbili ubao mama huenda usihesabu kwamba umeme uliondoka, ukapata jibu la uongo. Pili, izime kwa `sudo poweroff`, chomoa, hesabu tena thelathini, chomeka. Hapa ndipo Last State ingekuangusha. Tatu, ile `fsd` ya UPS. Nne, zima diski ya nje na rauta, chomoa umeme wa kompyuta na uurudishe, kisha ngoja dakika tano ndipo uwashe rauta. Kaa pembeni na simu yako ikiwa kwenye mtandao wa nje, siyo wa rauta hiyo, ujaribu kuingia kwa SSH. Ukiingia na diski ikiwa bado imezima, unaweza kuondoka.